Rafiki amesahau siku yako ya kuzaliwa: useme au unyamaze?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na presha. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo halina dawa katika kabati letu, lakini hufika kwenye meza yetu likiwa limejificha nyuma ya maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Ni maumivu ya mtu mzima ambaye rafiki yake amesahau siku yake ya kuzaliwa.

Tunajua wapo watakaocheka. Watasema hayo ni mambo ya watoto wanaosubiri keki. Basi ndiyo maana halisemwi. Mtoto aliyesahauliwa hulia, akabembelezwa, yakaisha. Mtu mzima huona haya kulia kwa jambo kama hilo, kwa hiyo hulimeza. Siku zikipita huanza kumkwepa rafiki yake, naye rafiki hajui amekosa nini.

Maoni yetu ni haya: mwambie. Mwambie mapema, mara moja, mkiwa wawili, kwa maneno machache. Ukishamwambia, funga daftari. Sehemu ya kwanza ni ngumu kwa wenye aibu; sehemu ya pili ni ngumu kwa sisi sote.

Kisa cha Mwalimu na Fundi

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ametupa ruhusa tusimulie habari zake mradi tusimtaje jina. Tutamwita Mwalimu. Rafiki yake ni fundi wa kushona, naye tutamwita Fundi. Wamefahamiana zaidi ya miaka ishirini, wanasali katika jumuiya ndogo ndogo moja, na watoto wao wamekula katika sahani moja.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Agosti, siku moja kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mwaka huo alikuwa anatimiza miaka 50. Jioni ya siku hiyo alikwenda kwa Fundi kuchukua nguo yake ya sikukuu. Fundi alimvalisha, akabana pini mbili kiunoni, akasema, "Bado kidogo hapa. Njoo kesho alfajiri kabla ya Misa." Kisha akarudi kwenye cherehani. Hakuna neno jingine lililosemwa. Mwalimu alirudi nyumbani gizani, akawaambia watoto kichwa kinamuuma, akalala bila kula.

Wiki tatu baadaye alifika kwetu siku ya kliniki ya presha. Ni mgonjwa wetu wa siku nyingi na vidonge vyake anavinywa vizuri. Tulipokuwa tunamfunga kitambaa cha mashine mkononi tulimwuliza habari za nyumbani, naye akaanza kusimulia. Kipimo kilisoma 156 kwa 94. Hapo tulikosea sisi wenyewe, maana mtu anayepimwa presha hatakiwi kuongea. Tukamwomba akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni. Tulipopima tena tulipata 142 kwa 88.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kusahauliwa kulimletea ugonjwa wa presha. Alikuwa nao kabla, na kuongea peke yake kunapandisha kipimo. Lakini tulimwona kwa macho yetu: alipofika mahali pa ile pini ya kiunoni, shingo ilikaza na pumzi ikawa fupi, kana kwamba yuko pale pale kwa Fundi jioni ile. Jambo la wiki tatu zilizopita lilikuwa bado linatokea mwilini mwake.

Jambo hilo limewahi kupimwa na wataalamu. Mwaka 2001 Charlotte Witvliet na wenzake wa Chuo cha Hope, katika jimbo la Michigan kule Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 71. Waliombwa kumfikiria mtu aliyewaumiza. Walipolirudia kosa kichwani na kushika kinyongo, mapigo ya moyo na presha vilipanda. Walipojaribu kumwona mkosaji kama binadamu na kumsamehe, mwili ulitulia zaidi. Hayo yalikuwa mawazo ya muda mfupi tu, na utafiti huo hauonyeshi kwamba kinyongo kitakuua. Unaonyesha kwamba mwili hautofautishi sana kati ya kosa la leo na kosa la Agosti unalolitazama upya kila usiku.

Kusahau kunatoka wapi?

Swali la kwanza la Mwalimu lilikuwa hili: "Kama ananipenda, angesahauje?" Swali hilo sisi wauguzi tunalijibu kila siku bila kujua. Mama mjamzito anampenda mtoto aliye tumboni kuliko kitu chochote, na bado anasahau tarehe ya kliniki. Mgonjwa anayetaka kuishi anasahau kidonge cha jioni. Kwa sababu hiyo tunaandika tarehe kwenye kadi, na tunamshauri mgonjwa aweke vidonge karibu na kikombe chake cha chai. Kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea ni kitu kimoja. Kukumbuka kufanya jambo siku fulani ni kitu kingine. Hii ya pili inahitaji kitu cha kuiamsha. Jumapili ina kengele ya kanisa, na siku ya gulio ina watu wanaopita na vikapu. Tarehe 14 Agosti haina kengele.

Fundi, kama tulivyokuja kujua, wiki ile alikuwa na sare 32 za akina mama wa parokia za kumaliza kabla ya sikukuu. Alikuwa analala saa nne kwa usiku. Kichwa cha namna hiyo hubeba kile tu kilichoko mbele ya macho yake. Kilichokuwa mbele ya macho yake jioni ile ni kiuno cha Mwalimu, si tarehe.

Tena wengi wetu wa rika hili hatukukua na desturi ya siku ya kuzaliwa. Wapo ambao wazazi walisema tu, "Ulizaliwa wakati wa mvua za masika," na tarehe ikakadiriwa baadaye wakati wa kuandikisha shule. Nyumbani iliyosherehekewa zaidi ni sikukuu ya somo, yaani mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Hivyo marafiki wawili wanaweza kuishi jirani miaka ishirini, mmoja akiwa na siku iliyoandikwa moyoni, mwingine akiwa hana hata yake mwenyewe.

Kwa hiyo kusahau si kipimo kizuri cha upendo. Lakini tusikimbilie kumwambia aliyeumia, "Basi, huna sababu ya kuumia." Anayo. Kanisa lenyewe linaadhimisha kuzaliwa kwa watu watatu katika kalenda yake: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Kumkumbuka mtu siku aliyozaliwa ni kumwambia kwamba ni vema alikuja duniani. Mtu akitimiza miaka 50 anatamani kulisikia neno hilo kutoka kwa wachache, na Fundi alikuwa mmoja wa hao wachache. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja: Fundi hakumdharau, na Mwalimu aliumia.

Mtihani ambao mwanafunzi hajui

Tulipomwuliza zaidi, Mwalimu alituambia jambo jingine kwa sauti ya chini. Miaka mingine, wiki moja kabla, alikuwa anagusia mwenyewe: "Nazeeka wiki ijayo, jamani." Mwaka huu alinyamaza kwa makusudi. "Nilitaka nione kama atakumbuka mwenyewe," alisema.

Tukamwuliza, "Mwalimu, darasani kwako mwanafunzi hufanya mtihani bila kujua kwamba ni mtihani?"

Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wengi wetu tunatega mitego ya namna hii. Tunaona kwamba zawadi ya kukumbushwa si zawadi. Hatukubaliani na wazo hilo. Jumuiya inapotangaza siku ya Misa ya nyumba, hakuna anayesema waliokuja hawakuja kwa moyo kwa sababu walitangaziwa. Ukisema mapema, "Jumanne natimiza hamsini, ningependa tunywe chai wawili," umempa rafiki nafasi ya kukupenda kwa namna unayoielewa. Ukinyamaza ili umshike, umempa nafasi ya kuanguka tu. Mwalimu alilikubali hili, na likapunguza ukali wake kabla hajasema neno lolote kwa Fundi.

Namna ya kusema

Kwa nini basi asiachie hapo? Kwa sababu tayari alikuwa ameanza kumkwepa. Jumapili tatu alitoka kwa mlango wa pembeni ili wasikutane. Hiyo ndiyo dalili tunayowashauri wasomaji waitazame. Kama umeumia kidogo na kesho yake umekutana na rafiki ukaongea naye kama kawaida, hakuna haja ya kikao, limepita. Lakini kama unabadili njia, unachelewa kupokea simu yake, au unawasimulia watu wengine habari zake, halijapita. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, tunaonywa tusimchukie ndugu yetu moyoni bali tumwambie waziwazi. Na Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, anataka tuanze kwa kwenda wawili peke yetu.

Njia zinazotumika sana kwetu ni nyingine. Mtu hununua khanga yenye maneno makali akapita nayo mbele ya nyumba ya mwenzake. Mwingine hutupa fumbo katika kundi la jumuiya kwenye simu: "Wapo wanaokumbuka siku zao tu." Mwingine humtuma shemeji. Vijembe vina ubaya mmoja mkubwa: anayepigwa hajui hakika kwamba ni yeye, na wasiohusika wanadhani ni wao. Badala ya mtu mmoja aliyeumia, sasa mna watano.

Tulimwomba Mwalimu ajaribu kusema mbele yetu kile atakachomwambia Fundi. Alisema hivi: "Wewe hunijali. Mimi kila mwaka nakukumbuka, ulipotimiza hamsini nilikuletea doti ya khanga, na mtoto wako alipoumwa ni mimi niliyekesha, lakini wewe kamwe hukumbuki cha mtu."

Tukahesabu pamoja naye. Ndani ya sentensi hizo mlikuwa na hukumu juu ya moyo wa Fundi, khanga, usiku wa hospitali, na neno "kamwe", ambalo si la kweli. Siku ya kuzaliwa yenyewe haikutajwa! Fundi angejibu lipi? Angechukua lile lililo rahisi kukanusha, yaani "kamwe", na mengine yote yangepotea.

Tukapunguza mpaka yakabaki mambo matatu: kilichotokea, namna kilivyomgusa, na sababu ya kukisema. Alitumia maneno yake mwenyewe, na ndiyo aliyokwenda nayo.

Hakwenda kwenye cherehani, kwa kuwa pale wateja huwa hawaishi. Siku ya Ijumaa alimwomba tu, "Dada, nina neno dogo la sisi wawili. Jumapili baada ya Misa una nafasi?" Hilo nalo ni muhimu. Mtu aliyeshtukizwa hujitetea. Mtu aliyeombwa huja akiwa amekaa sawa moyoni. Lakini usimwombe Jumatatu mkaonane Jumapili, maana atakosa usingizi wiki nzima akijiuliza ni neno gani.

Jumapili wakaketi chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa. Mwalimu akasema: "Dada, ile tarehe 14 nilipokuja kuchukua nguo, nilikuwa natimiza miaka hamsini. Nilitegemea utaniambia hongera. Hukusema kitu, nikarudi nyumbani nimeumia. Sikuja kukudai. Nimekuja kwa sababu nimeanza kukukwepa, na sipendi."

Kisha akanyamaza. Huo ukimya ndio sehemu iliyomshinda zaidi, alituambia. Ulimi ulikuwa unatafuta kuongeza, "Tena hata mwaka juzi..." Akauma meno.

Rafiki akifungua daftari lake

Tungependa kuwaambia kwamba Fundi alilia akaomba radhi. Haikuwa hivyo. Kwanza alishtuka: "Hamsini! Mbona hukusema?" Halafu uso ukabadilika, akasema: "Na wewe je? Nilipolazwa mwaka juzi, ulikuja siku ya tatu. Mimi nilinyamaza."

Hapa ndipo mazungumzo mengi ya namna hii huvunjika. Mwalimu alikuwa na jibu tayari. Siku zile alikuwa anasimamia mtihani wa darasa la saba na asingeweza kuondoka. Lakini alikumbuka jambo tulilolizungumza: makosa mawili hayatoani kama hesabu za darasa la kwanza. Siku mbili za kuchelewa hospitalini haziondoi miaka hamsini isiyotajwa, wala hongera isiyosemwa haifuti upweke wa mtu aliyelala kitandani akitazama mlango. Kila moja lina maumivu yake na linastahili pole yake.

Basi akauliza, "Siku zile ziliniponyoka. Zilikuuma sana?"

Fundi akasimulia. Alisimulia kwa muda mrefu kuliko Mwalimu. Alipomaliza, Mwalimu akasema, "Pole sana, dada. Sikujua." Hakutaja mtihani siku ile, alikuja kuutaja wiki nyingine, wakati haukuwa tena ngao. Fundi naye, alipokuwa anasimama, akasema, "Pole kwa ile siku. Nilikuona kiuno tu." Wakacheka wote wawili.

Tazama kilichotokea. Fundi alikuwa na daftari pia, la miaka miwili, na hakuna aliyelijua. Tunaamini nyumba nyingi na urafiki mwingi viko katika hali hii: kila mtu anajiona ndiye mdai peke yake.

Daftari la michango na daftari la moyo

Sisi ni watu wa madaftari. Kukiwa na harusi au msiba, kamati hukaa na daftari la michango, na kila jina huandikwa na kiasi chake. Ni jambo la haki, kwa kuwa fedha ni za watu wote. Vilevile akina mama wanaocheza upatu wanajua zamu ya nani ni lini, na asiyetoa anaharibu kwa wote. Lakini urafiki hauna zamu wala mweka hazina. Mtume Paulo, anapoeleza upendo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, anasema hauhesabu mabaya. Na neno la Kigiriki alilolitumia hapo ni neno lililotumika pia katika mahesabu ya biashara.

Kutohesabu si kujifanya hujaumia. Mwalimu aliumia, akasema. Kuhesabu ni kuliweka kosa mahali ili litumike siku nyingine. Utajuaje kama bado unahesabu? Jaribu kulisimulia tukio hilo kwa Mungu katika sala, peke yake, bila kuongeza kosa la pili la mtu yule yule. Ukishindwa, daftari bado liko wazi. Dalili nyingine ni pale unapojikuta umefurahi kidogo rafiki akikosea tena, kwa sababu sasa una ushahidi. Au unamnyima kitu kidogo, kwa mfano hongera ya siku yake yeye, ili mwe sawa.

Hilo la mwisho Mwalimu alituuliza waziwazi: "Siku yake ikifika mwezi wa pili, nimkumbuke au niache?" Tukamjibu: fanya kile ungefanya kama tarehe 14 Agosti isingetokea. Kama ungempelekea khanga, peleka khanga. Kama mwaka huu huna fedha, mpigie simu. Usizidishe ili umwaibishe, wala usipunguze ili umwadhibu. Zawadi kubwa mno inayotolewa kwa aliyekusahau ni namna nyingine ya kuandika katika daftari.

Na kosa hilo usilitaje tena baada ya kulisema. Ukilitaja mara ya pili katika ugomvi wa jambo jingine, rafiki atajua kwamba pole yake haikupokelewa, na siku nyingine hatatoa.

Pale ambapo haya hayatoshi

Ushauri huu una mipaka yake. Kuna urafiki ambamo mmoja anasahau siku, miadi, misiba na ahadi zote, na akiambiwa anacheka. Hapo jambo si siku ya kuzaliwa. Mwambie jambo lenyewe lilivyo, na kama hakuna badiliko, unaweza kubaki jirani mwema bila kumtegemea kama rafiki wa ndani. Hilo si kinyongo, ni kujua kina cha maji.

Aidha, kama rafiki aliyekuwa mwepesi wa kukumbuka ameanza ghafla kusahau mambo mengi, kama kupotea njia aliyoizoea, kuuliza swali lile lile, au kuacha sufuria jikoni mpaka inaungua, usinune. Mlete hospitalini. Kukosa usingizi, sonona, maradhi ya tezi ya shingo, baadhi ya dawa, na magonjwa ya ubongo yanaweza kuanza hivyo, na mengine yana tiba.

Nawe uliyeumia, kama huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hulali, hupati hamu ya kula, na mambo uliyoyapenda hayakuvuti tena, njoo. Inawezekana kusahauliwa kulikuwa tone tu, na ndoo ilikuwa imejaa tangu zamani.

Mwalimu alirudi kliniki mwezi uliofuata. Alikaa kimya dakika tano kama anavyotakiwa, na kipimo kilisoma 136 kwa 84. Hatukuiweka sifa hiyo kwa mwarobaini. Tulikuwa tumemwongezea dawa pia. Tuliloliona ni kwamba alimtaja Fundi katika habari za kawaida, juu ya bei ya vitambaa, bila shingo kukaza.

Mwaka uliofuata alisema mapema, wiki moja kabla, kama alivyokuwa akifanya zamani. Fundi aliandika tarehe kwa chaki ukutani juu ya cherehani. Siku ilipofika sare zilikuwa nyingi tena, na mtu akaegemea ukuta, chaki ikafutika. Alikumbuka tarehe 15, akiwa katikati ya Misa ya sikukuu. Baada ya baraka alimkimbilia Mwalimu mlangoni, akiwa na maandazi yaliyofungwa katika kipande cha kitambaa, akaanza kujieleza.

Mwalimu akamwambia, "Dada, tuyale yangali ya moto," wakaketi chini ya mwarobaini.